Njia yangu ni sahihi lakini haikupewa alama: nimwandikieje mhadhiri?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Tumerudishiwa karatasi za mtihani wa kalkulasi. Swali la 4 lilikuwa na alama 8: "Tafuta thamani ndogo kabisa ya f(x) = 4x + 9/x kwa x > 0, na thamani ya x inayoileta." Niliandika mistari mitatu tu:

```
f(x) = 4x + 9/x
     = (2√x − 3/√x)² + 12
Ndogo kabisa ni 12, x = 3/2
```

Nimepewa 2, na pembeni pameandikwa "f'(x)?". Mwongozo tuliosomewa darasani unatoa 2 kwa f'(x), 2 kwa kupata x, 2 kwa kuthibitisha kwamba ni ndogo kabisa, na 2 kwa jibu. Jibu lao ni 12 kama langu. Nataka kumwandikia mhadhiri asahihishe upya, ila wenzangu wanasema nitaonekana mbishi. Niandikeje?

Jibu

Marahaba. Barua utaipata humu, lakini kwanza ichukue karatasi yako uisome kana kwamba ni ya mtu usiyemjua. Barua nyingi za namna hii hukwama kwa sababu mwandishi anatetea alichokuwa nacho kichwani, ilhali msahihishaji ana karatasi peke yake mbele yake.

Anza na maneno ya swali lenyewe. Swali lako linasema "tafuta", halitaji njia, na hilo ndilo linalokupa haki ya kuandika. Lingesema "kwa kutumia utofautishaji, tafuta", ningekushauri uache hapo hapo, maana alama zingekuwa zinapima kama unajua kutofautisha, na jibu sahihi lililopatikana kwa njia nyingine lisingekuwa limejibu kilichoulizwa. Tazama pia maelekezo ya ukurasa wa kwanza wa mtihani, na kama swali lina sehemu (a) kabla yake, angalia kama halikusema "kutokana na jibu la (a)". Maneno hayo yanafunga mlango. Yakifuatiwa na "au kwa njia nyingine yoyote", mlango unakuwa wazi.

Kisha pima njia yako kwa ukali kuliko atakavyoipima yeye. Weka x = 1: upande wa kushoto unapata 4 + 9 = 13; upande wa mraba unapata (2 − 3)² + 12, ambayo ni 13. Weka x = 4: kushoto ni 16 + 2.25 = 18.25, kulia ni (4 − 1.5)² + 12 = 6.25 + 12 = 18.25. Namba mbili hazithibitishi kitu, ila zinakamata haraka kosa la alama ya kutoa au namba iliyorukwa. Uthibitisho ni kufungua mabano: 2√x ikipigwa mraba inatoa 4x, 3/√x inatoa 9/x, na kipande cha katikati ni 2 mara 2√x mara 3/√x, ambacho ni 12, kikiwa na alama ya kutoa. Ongeza 12 na umerudi kwenye f(x). Hakuna x inayotoroka, mradi x ni kubwa kuliko sifuri ili kipeuo cha pili kiwepo na tusigawanye kwa sifuri, na swali limeshakupa sharti hilo.

Bado kuna sehemu moja ambapo njia hii huwaangusha watu, na mhadhiri wako anaijua. Mraba haupungui sifuri, kwa hiyo f(x) haishuki chini ya 12. Sawa, lakini je, inafika 12? Inafika pale mabano yanapokuwa sifuri: 2√x = 3/√x, zidisha pande zote kwa √x, unapata 2x = 3, na x = 3/2 iko ndani ya eneo tuliloruhusiwa. Sasa tuseme swali lingetaka x isiwe chini ya 2. Mstari wako wa pili ungebaki kweli tupu, na bado 12 lingekuwa jibu lisilo sahihi, kwa sababu mabano hayawezi kuwa sifuri katika eneo hilo; thamani ndogo kabisa ingepatikana mpakani, f(2) = 8 + 4.5 = 12.5. Ndiyo maana msahihishaji makini hataridhika na mraba peke yake. Atataka aone kwamba mwanafunzi anajua 12 inafikiwa, na inafikiwa wapi.

Hapo ndipo nakuomba uwe mkweli kwa nafsi yako. Mistari yako mitatu ni mizuri, nami nimeipenda. Ila mstari wa tatu umeruka. Hukuandika kwamba mraba haupungui sifuri, wala hukuandika 2√x = 3/√x. Kwako mambo hayo yako wazi kiasi kwamba uliona ni kupoteza wino, lakini kwa aliyeshika kalamu nyekundu mstari huo ungeweza pia kuandikwa na mtu aliyechungulia jibu kwa jirani. Kinachokuokoa ni mstari wa pili. Mtu hawezi kuubuni mraba ule kwa bahati. Akishaandika 2√x na 3/√x ndani ya mabano na 12 nje, ameonyesha kwamba anajua anakokwenda.

Na mimi nimekuwa upande wa pili wa meza hiyo. Mtihani unasahihishwa swali kwa swali: unafungua karatasi ya kwanza kwenye swali la 4, unaangalia, unaandika alama, unaweka pembeni, unafungua inayofuata kwenye swali lile lile. Baada ya karatasi chache macho yanazoea umbo. Unatafuta f'(x) = 4 − 9/x², halafu x = 3/2, halafu f''(x) = 18/x³ ambayo ni chanya, halafu 12. Karatasi isiyokuwa na umbo hilo unaiona kama shimo: unaandika swali pembeni, unatoa alama za jibu, unasonga. Mwaka mmoja mwanafunzi aliniletea barua ya nusu ukurasa kuhusu swali nililosahihisha mwenyewe. Nilifungua karatasi yake nikakuta mkwaju wangu mwekundu umepita juu ya mstari uliobeba hoja yote. Sikuwa nimeukataa, sikuwa nimeusoma. Ilinibidi nirudie rundo zima la swali hilo, na nikakuta wengine wawili waliotumia njia ile ile, nao wamenyamaza.

Ninakueleza haya kwa sababu yanaamua neno moja muhimu la barua yako. Kanuni za vyuo vingi haziruhusu mwanafunzi kupinga uamuzi wa kitaaluma wa msahihishaji, yaani kusema "alinipa 5, mimi naona nastahili 6". Lakini njia ambayo haikupimwa kabisa ni jambo jingine, hapo hakuna uamuzi uliotolewa. Ile "f'(x)?" ya pembeni ndiyo ushahidi wako: inaonyesha kilichotafutwa na kisichoonekana, na haisemi lolote juu ya mstari uliopo. Kwa hiyo usiandike kwamba jibu lako limesahihishwa vibaya. Omba lipimwe.

Mimi ningeiandika hivi:

> YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA KWA JIBU LA SWALI LA 4, MTIHANI WA KALKULASI
>
> Ndugu Mhadhiri,
>
> Naomba jibu langu la swali la 4 lipitiwe upya. Namba yangu ya mtihani ni ……, na jibu liko ukurasa wa …… Nimeambatisha nakala ya ukurasa huo kama ulivyo.
>
> Swali lilitaka thamani ndogo kabisa ya f(x) = 4x + 9/x kwa x > 0, na halikutaja njia. Mimi sikutumia utofautishaji, nilikamilisha mraba. Pembeni mwa jibu pameandikwa "f'(x)?", hivyo nadhani njia hiyo haikupimwa. Mstari wa pili wa jibu langu ni huu:
>
> f(x) = (2√x − 3/√x)² + 12
>
> Mabano yakifunguliwa yanatoa 4x − 12 + 9/x, na ikiongezwa 12 tunarudi kwenye f(x). Kwa hiyo mstari huo ni kweli kwa kila x > 0. Kwa kuwa mraba haupungui sifuri, f(x) haishuki chini ya 12, na inafika 12 pale 2√x = 3/√x, yaani x = 3/2.
>
> Nakiri kwamba maelezo ya mraba kutopungua sifuri, pamoja na hatua ya 2√x = 3/√x, sikuyaandika kwenye karatasi ya mtihani. Nimeyaweka hapa ili kuonyesha jinsi mstari wa pili unavyoelekea kwenye wa tatu. Ninachoomba ni mstari wa pili, na thamani ya x iliyo kwenye mstari wa tatu, vipimwe kama njia mbadala kwa kadiri mwongozo wa usahihishaji unavyoruhusu.
>
> Naelewa kwamba baada ya kupitiwa, alama zinaweza kupanda, kubaki zilivyo au kushuka. Nikihitajika kufika kueleza, nitafika.
>
> Wako mtiifu,
> ……

Najua aya ya kukiri itakuuma. Utajiuliza kwa nini umwonyeshe mwenyewe mahali ulipopungukiwa. Ataona tu. Msahihishaji anayepokea ombi la namna hii, kitu cha kwanza anachokichunga ni kama mwanafunzi anaingiza kwenye barua hatua ambazo hazikuwepo siku ya mtihani. Akikukuta umezichanganya, hata zile ulizoandika kweli ataanza kuzitilia shaka. Ukishatenganisha wewe mwenyewe kilichopo na kisichokuwepo, umempunguzia kazi, na mjadala unabaki kwenye mstari wa pili, ambao ndio nguvu yako.

Utaona pia kwamba barua haitaji idadi ya alama. Kama ningekuwa mimi, zile 2 za jibu unazo tayari. Mstari wa pili ningeupa 2 zilizowekewa f'(x), kwa sababu unafanya kazi ile ile ya kufungua njia. Kwa x ningekupa 1, pengine 2, maana thamani ni sahihi ila hatua haionekani. Kwa uthibitisho ningekupa 1, kwa kuwa hoja imo ndani ya mraba lakini hukuisema. Inakuwa 6 au 7, na mkali kuliko mimi atatoa 5 bila kukudhulumu. Sasa fikiria umeandika "nastahili 8 zote". Mhadhiri atapata alama moja ya kukunyima kwa haki kabisa, na barua yako itajibiwa kwa hiyo moja badala ya zile nne au tano zinazokuhusu.

Kuna mambo ambayo huenda kalamu ikakuvuta uyaongeze. Usiseme umebakiza alama chache kufika daraja fulani, wala usitaje ufadhili au saa ulizosoma. Hata kama ni kweli, mwongozo wa usahihishaji hauna nafasi ya shida ya mtu, na sentensi hiyo inamfanya msomaji adhani ombi limetoka kwenye shida na si kwenye mstari wa pili. Usimtaje mwenzako aliyepata alama kwa njia kama yako. Kama yupo, yeye mwenyewe aamue kusema. Na tafadhali usimfundishe mhadhiri kwamba njia yako ni bora. Ni kweli kwamba f'(x) = 0 peke yake inatoa mahali pa kuchunguza tu, wakati mraba wako, ukishaonyesha unapofika sifuri, unamaliza hoja kwa kila x > 0 mara moja. Nimefurahi kama umeliona hilo. Lakini hajakuuliza ipi bora, na barua inayoshindanisha njia mbili inaacha kuomba ipimwe moja.

Ile karatasi halisi usiiguse hata kwa penseli. Piga picha ukurasa mzima, ukingo kwa ukingo, pamoja na alama na maandishi ya pembeni, siku ile ile uliyorudishiwa. Mwanafunzi akijaza kitu kidogo tu, hata kukoleza alama ya kutoa iliyofifia, ombi linageuka kuwa kesi ya udanganyifu, na hapo hakuna anayejali tena kama mraba ni sahihi.

Kabla ya kupeleka, soma kanuni za mitihani za chuo chako uangalie mambo mawili. La kwanza ni siku. Muda wa kuomba huhesabiwa tangu matokeo yatangazwe au karatasi zirudishwe, na ukishapita, barua nzuri na mbaya huwa sawa. La pili ni jina la ombi. Kujumlisha upya na kusahihisha upya ni vitu viwili tofauti, na kwenye fomu mara nyingi vinakaa mstari mmoja juu ya mwingine. Kujumlisha upya maana yake mtu anahesabu alama zilizokwisha kuandikwa na kuhakikisha hakuna ukurasa ulioachwa. Ukiweka tiki hapo, utajibiwa "hakuna mabadiliko", na jibu litakuwa la kweli, kwa sababu 2 yako ilijumlishwa vizuri. Wanafunzi wengi hupoteza nafasi yao pekee kwa tiki hiyo. Kama kanuni zinataka ombi lipitie kwa mkuu wa idara au ofisi ya mitihani, badilisha anwani na maamkizi tu. Mwili wa barua ubaki ulivyo, maana mwishowe utasomwa na mtu anayejua hisabati.

Kuhusu kuonekana mbishi, wenzako hawajakosea kabisa, ila wanaogopa kitu kisichohusiana na barua. Anayechosha ni yule anayemsimamisha mhadhiri mlangoni mwa darasa huku wengine wakisikiliza, akitaka jibu pale pale. Mhadhiri akibanwa hivyo hutetea alichoandika, kwa sababu hana mwongozo mkononi wala karatasi. Barua inampa muda wa kukaa, kufungua mabano mwenyewe, na kubadili alama bila mtu kumtazama usoni. Ukikutana naye kabla hajajibu, msalimie kama kawaida. Usiulize.

Jibu linaweza kuja la aina tatu. Akikubali, imekwisha. Akikataa kwa kueleza kwamba alipima mstari wa pili na kuona haukutosha bila yale maelezo, kubali, hata kama unaona ni mkali. Huo sasa ni uamuzi wa kitaaluma, na umepata ulichoomba. La tatu ndilo gumu: "njia hii sikuifundisha." Hapo andika tena mara moja tu, kwa sentensi mbili. Uliza kama mwongozo wa usahihishaji au maelekezo ya mtihani yanawabana wanafunzi watumie njia zilizofundishwa peke yake, na uombe kuonyeshwa kifungu hicho. Kikiwepo, umeshindwa kihalali. Kisipokuwepo, una haki ya kuomba msahihishaji wa pili kupitia idara, ukiambatisha barua yako ya kwanza na jibu ulilopewa, bila kuongeza hoja mpya.

Na alama zikibadilishwa, fuatilia mpaka mwisho wa safari yake. Mhadhiri atakata 2 na kuandika mpya, lakini jumla ya ukurasa wa mbele inaweza kubaki ya zamani, na hata ikirekebishwa hapo, ile iliyoingizwa kwenye matokeo ya chuo ni nyingine. Subiri matokeo yasasishwe, uyalinganishe na karatasi, na kama yanatofautiana peleka picha ya ukurasa wa mbele ofisi ya mitihani. Hapo ndipo lile ombi la kujumlisha upya linapofaa.